Mchumba anataka nimdhamini SACCO milioni 12 za biashara ya mahindi, au nimkopeshe akiba yangu. Lipi lina hatari ndogo?

#1 Mwalimu_Tororo
Habari za jioni wadau. Naomba mawazo ya watu wanaojua mikopo.

Mchumba wangu tuko pamoja mwaka wa tatu, utambulisho kwa wazazi bado. Anataka kununua mahindi Bweyale msimu huu, ayaweke ghalani miezi minne, auze bei ikipanda. Yeye ni mwanachama wa SACCO moja na mimi, ana akiba ya 4,000,000. SACCO inakopesha mara tatu ya akiba, kwa hiyo anaomba 12,000,000. Kwa kuwa akiba yake haifuniki mkopo wote, wanataka wadhamini wa kufunika 8,000,000 zilizobaki. Mimi nina 7,000,000 humo, mjomba wake ataweka 1,000,000.

Nikikataa udhamini, amesema basi nimkopeshe 5,000,000 nilizo nazo benki, atanirudishia baada ya kuuza.

Hesabu yake ni hii: magunia 110 ya kilo 100, ananunua kwa 900 kilo, jumla 9,900,000. Anauza kwa 1,300, anapata 14,300,000. Faida 4,400,000. Mkopo ni miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi.

Nimdhamini au nimkopeshe?

#2 Kijana_wa_Malaba
Mdhamini, dada. Udhamini ni sahihi tu, pesa yako inabaki kwenye jina lako na inaendelea kupata gawio. Ukimkopesha, pesa imeshatoka mkononi. Kati ya hayo mawili mimi nachagua karatasi.

#3 Fundi_Hesabu_Jinja
Kabla ya kujibu: kwenye biashara yenyewe mna asilimia ngapi kila mmoja? Mshirika akiomba mkopo, kampuni ndiyo ikope, na nyote wawili msaini kama wakurugenzi. Mmeisajili URSB, kwa msajili wa kampuni?

#4 Mwalimu_Tororo
#3 hapana kaka, si mshirika wa biashara. Ni mchumba. Biashara ni yake peke yake.

#5 Fundi_Hesabu_Jinja
Nilisoma haraka, samahani. Basi swali langu linakuwa zito zaidi: faida ni yake peke yake, hasara mnagawana. Hapo ndipo pa kuanzia.

#6 Karani_wa_Mikopo
#2 umesema nusu. Pesa inabaki kwenye jina lake, ni kweli, lakini inafungwa. SACCO nyingi zikishapokea fomu ya udhamini, zinaweka alama kwenye akaunti ya mdhamini kwa kiasi alichodhamini. Mwalimu ana 7,000,000, na akidhamini 7,000,000 hana senti ya kugusa hadi mkopo upungue au uishe. Mtoto akiugua, au yeye mwenyewe akitaka mkopo wa ada ya shule, ataambiwa akiba yako imeshikwa. Watu wengi wanakuja kulijua hilo siku wanayohitaji pesa.

Halafu kuna tofauti kubwa zaidi. Ukimkopesha mtu 5,000,000, hasara yako ya mwisho ni 5,000,000. Ukidhamini, hasara yako ya mwisho ni ile iliyoandikwa kwenye fomu, si ile mliyozungumza jikoni. Kwa sheria ya mikataba ya Uganda ya 2010, mdhamini anawajibika kwa kiwango kilekile cha mkopaji, isipokuwa mkataba useme vingine. Yaani kama fomu haina kikomo, unabeba mtaji, riba, faini ya kuchelewa na gharama za kudai.

Mwalimu, kaichukue hiyo fomu kabla ya kusaini, uisome nyumbani. Tafuta mambo mawili tu: je, kuna kiasi kwa tarakimu na kwa maneno mbele ya jina lako? Na je, udhamini ni wa mkopo huu mmoja au wa "mikopo yote ya sasa na ya baadaye"?

#7 Kijana_wa_Malaba
Sawa karani, hilo la kufungiwa akiba sikulifikiria. Lakini si wanamdai mkopaji kwanza, akishindwa kabisa ndipo wanamfuata mdhamini?

#8 Wakili_wa_Mtaa
Hapana. Hiyo ni imani ya wengi na inawagharimu. Mkopaji akikosa kulipa, wajibu wa mdhamini unaanza hapo hapo. Mkopeshaji halazimiki kumshitaki mkopaji, wala kuuza mali yake, ndipo amguse mdhamini, ila kama fomu yenyewe imeweka utaratibu huo. Kwa SACCO ni rahisi zaidi kwao, kwa sababu akiba ya mdhamini iko ndani tayari. Wanahamisha tu kwenye daftari.

La pili: ukiona maneno "kwa pamoja na kila mmoja peke yake", maana yake SACCO inaweza kumdai mwalimu deni lote na kumwacha mjomba. Mwalimu akishalipa ndipo ana haki ya kumdai mchumba, na mjomba naye atoe fungu lake. Lakini kudai ni kazi yake, SACCO imeshamalizana naye.

La tatu, udhamini sharti uwe wa maandishi. Kwa hiyo mtu asikutishe kwamba uliitikia kwa mdomo kwenye simu. Bila maandishi huo si udhamini.

#9 Mama_wa_Arua
Mimi sina ujuzi wa fomu, lakini nina jambo langu la kuuliza hapahapa. Nilimdhamini shemeji mwaka jana, akahamia Juba. Mwezi uliopita nimekuta SACCO yetu imekata 1,800,000 kwenye akiba yangu bila barua wala simu. Je, ni halali?

#10 Wakili_wa_Mtaa
Mama, pole. Inategemea fomu uliyosaini na masharti ya chama. Omba kwa barua vitu vitatu: nakala ya fomu yako, taarifa ya mkopo ya tangu siku ya kwanza, na kifungu cha masharti ya chama kinachowaruhusu kukata. Kwenye taarifa ya mkopo angalia kama uliongezwa au kupangwa upya bila wewe kuitwa. Mkopeshaji akibadilisha mkopo bila idhini ya mdhamini, mdhamini anaweza kuwa huru kwa kilichotokea baada ya badiliko hilo. Tatizo ni kwamba fomu nyingi zina mstari mdogo unaosema umekubali mabadiliko yote mapema.

#11 Karani_wa_Mikopo
Kwa mama: kwa utaratibu mzuri mdhamini huarifiwa mkopaji anapochelewa rejesho la kwanza, si baada ya miezi sita. Lakini #10 yuko sahihi, haki yako iko kwenye karatasi. Ukishapata hiyo nakala, rudi hapa.

#12 Nafaka_Bweyale
Naona watu wote wamekaa kwenye fomu, na fomu ni mlango wa pili. Mlango wa kwanza ni hiyo hesabu ya mahindi, maana ndiyo itakayolipa. Mimi kazi yangu ni kununua na kukausha, niruhusuni nichambue.

Mchumba amenunua kilo 11,000 na anauza kilo 11,000. Hilo halipo duniani. Mahindi unayonunua Bweyale wakati wa mavuno, kwa bei ya chini, yana unyevu. Asilimia 18 ni ya kawaida, mvua ikipiga yanapanda zaidi. Huwezi kuyaweka ghalani miezi minne hivyo, yatapata joto na kuota ukungu. Lazima yashuke hadi 13.5, ambacho ndicho kikomo cha viwango vya Afrika Mashariki. Maji yanayotoka ni uzito unaopotea: gunia la kilo 100 lenye unyevu wa 18 likikauka hadi 13.5 linabaki kilo 95 hivi. Magunia yake 110 yanakuwa kilo 10,428. Hapo sijatoa makapi, mawe na punje mbovu.

Kwa 1,300 anapata kama 13,556,000, si 14,300,000. Kabla hata ya kulipa senti ya riba, ameshapoteza robo tatu ya milioni kwa jua tu.

#13 Mwalimu_Tororo
Asante sana Nafaka. Nimemuuliza sasa hivi, anasema hizo 1,860,000 zilizobaki baada ya kununua ni za mifuko, gari, turubai, wapakiaji na ghala. Ghala ni 120,000 kwa mwezi. Na SACCO itakata 240,000 mwanzoni kwa ada na bima.

#14 Karani_wa_Mikopo
Sasa tuna picha. 9,900,000 za mahindi, 1,860,000 za gharama, 240,000 za SACCO. Jumla 12,000,000 kamili. Hana akiba ya mkononi hata shilingi.

Swali la kwanza la afisa mkopo anayejua kazi ni: rejesho la kwanza litatoka wapi? Kwa riba ya asilimia 2 inayohesabiwa kwenye mtaji wote hadi mwisho, miezi 12, rejesho ni 1,240,000 kila mwezi, na la kwanza linadaiwa siku ya 30. Mahindi yapo ghalani hadi mwezi wa nne. Kwa hiyo miezi mitatu ya kwanza anatakiwa kutoa 3,720,000 na hajauza kitu.

Nini kitatokea? Atauza magunia ya kulipia rejesho, kwa bei ileile ya mavuno aliyokimbia. Kwa 900 kilo, rejesho moja linakula karibu magunia 14. Miezi mitatu, magunia 42 kati ya 110. Bei inapopanda ghala limebaki na theluthi mbili. Mikopo ya nafaka inavyokufa ni hivyo: mahindi ni mazuri na mfanyabiashara ni mwaminifu, ila kalenda ya marejesho haikufuata kalenda ya shamba.

#15 Kijana_wa_Malaba
Si angelipa kwa mshahara wake?

#16 Mwalimu_Tororo
Hana mshahara, ana boda. Siku nzuri analeta 25,000 baada ya mafuta.

#17 Karani_wa_Mikopo
25,000 kwa siku 26 ni 650,000, na anakula humo humo. Haifiki.

Aombe mkopo wa msimu. SACCO zilizo maeneo ya kilimo nyingi zinao: riba unalipa kila mwezi, mtaji unalipa wote baada ya mavuno au mauzo. Kwa mkopo huu riba ni 240,000 kwa mwezi, hiyo boda inaweza kuibeba. Na aulize maswali mawili: riba inahesabiwa kwenye salio linalopungua au kwenye mtaji wote? Kwa mkopo wa miezi 12, salio linalopungua lingefanya rejesho liwe 1,134,700 badala ya 1,240,000. Swali la pili: nikimaliza mapema, riba ya miezi iliyobaki inafutwa? Kama haifutwi, basi kuuza mwezi wa nne hakumwokoi na riba ya miezi minane.

#18 Nafaka_Bweyale
Karani umenifungulia njia, ngoja nimalizie. Tuseme wamempa wa msimu, miezi mitano, ili awe na mwezi mmoja wa kuuza. Riba 240,000 mara tano ni 1,200,000. Deni lote 13,200,000. Mauzo kwa 1,300 ni 13,556,000. Faida yake ni 356,000 baada ya miezi mitano ya kungoja.

Ili asipate hasara lazima auze kwa 1,266. Ikiwa 1,250 anaingia hasara. Tofauti kati ya faida na hasara ni shilingi 34 kwa kilo. Bei ya mahindi inaweza kutembea 34 kwa asubuhi moja, malori ya Juba yakikosa kuja.

Na hatari ya mpaka ipo. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Zuio halikukaa siku nyingi, lakini waliolegeza waliweka sharti la cheti kuonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Waliokuwa na mahindi yaliyokauka nusu walibaki nayo.

#19 Mama_wa_Arua
Ndiyo maana nilisema mwanamke asidhamini mwanaume ambaye hajamtambulisha kwao. Hesabu za nini.

#20 Wakili_wa_Mtaa
Mama, hukusema hivyo, ulisema habari za shemeji. Lakini umegusa kitu cha kweli kisheria. Nchini Uganda kuishi pamoja, hata miaka kumi, hakuwafanyi kuwa mke na mume. Mambo yakivunjika, mwalimu hana dai la mwenzi wa ndoa kwenye mahindi, kwenye boda wala kwenye kiwanja. Anabaki mdai kama mdai mwingine, na silaha yake ni karatasi.

Na kama mchumba ataweka ardhi ya kijijini kuwa dhamana, mwalimu aulize kwa upole kama yuko mke huko. Sheria ya Ardhi inataka idhini ya mwenzi wa ndoa kabla ya kuweka rehani ardhi ambayo familia inaishi. Bila idhini hiyo, dhamana inaweza kutupwa.

#21 Mwalimu_Tororo
Hana mke wakili 😊 namjua mpaka shangazi zake.

#22 Fundi_Hesabu_Jinja
Narudi kwenye swali la mwalimu, maana lilikuwa nimdhamini au nimkopeshe. Nimechukua namba za Nafaka nikazipunguza ziwe za 5,000,000 bila riba. Magunia 46 kwa 90,000 ni 4,140,000. Gharama ukigawa kwa gunia ni 16,900, jumla 778,000. Mahindi makavu yatakuwa kilo 4,360, kwa 1,300 ni 5,669,000. Faida 751,000.

Someni tena. Kwa milioni 5 za mwalimu anapata mara mbili ya anachopata kwa milioni 12 za SACCO. Mkopo mkubwa unafanya kazi kwa ajili ya SACCO.

#23 Nafaka_Bweyale
#22 umekosea sehemu moja. Kodi ya ghala haigawanyiki kwa gunia. Ukikodi chumba unalipa chumba, kiwe na magunia 110 au 46. Ghala miezi minne ni 480,000 palepale. Gharama nyingine ndizo zinazopungua, kama 12,500 kwa gunia. Kwa 5,000,000 anaweza magunia 44, siyo 46. Yakikauka ni kilo 4,171, mauzo 5,422,000, faida 430,000 hivi. Bei ya kutopata hasara ni 1,197.

Bado ni kubwa kuliko 356,000. Bado ana nafasi ya shilingi 100 kwa kilo badala ya 34. Maana yako inasimama, namba ndiyo iliyopungua.

#24 Fundi_Hesabu_Jinja
Nimekubali, asante kwa kunisahihisha. Anaweza kuomba kona ya ghala la mtu na kulipia kwa gunia, hapo inarudi karibu na yangu.

#25 Kijana_wa_Malaba
Basi mkopeshe milioni 5 dada, mjadala umeisha. Shika kadi ya boda yake uiweke kabatini, hawezi kuuza pikipiki bila kadi.

#26 Wakili_wa_Mtaa
Kijana, kadi kabatini ni faraja tu. Anaweza kuripoti imepotea akapata nyingine, au akaiweka pikipiki kwa mkopeshaji mwingine. Tangu sheria ya dhamana za mali zinazohamishika ya 2019 ipo daftari URSB la kusajili kwamba pikipiki fulani, au hata hayo mahindi ghalani, ni dhamana ya deni fulani. Anayesajili kwanza ana nafasi mbele ya wanaokuja baadaye. Kwanza mtafute humo mwone kama boda hiyo haijasajiliwa na mtu mwingine. Boda nyingi zilinunuliwa kwa mkopo na mwenye mkopo bado ndiye wa kwanza.

Kuhusu makubaliano: mkataba wowote unaozidi 500,000 sharti uandikwe. Mkikaa, andikeni kiasi, tarehe ya kurudisha, kitakachotokea bei ikiwa chini siku hiyo, na dhamana. Sainini wote wawili mbele ya mashahidi. Muhuri wa LC1, mwenyekiti wa kijiji, ni mzuri lakini si ndio unaofanya mkataba, sahihi zenu ndizo. Pesa ipite benki au kwenye simu, na sababu iandikwe "mkopo". Nimeona kesi ambayo mkopaji alisema zile zilikuwa zawadi ya mpenzi, na mdai hakuwa na kitu isipokuwa ujumbe wa "asante mpenzi".

Faida nyingine ya 5,000,000: madai yasiyozidi 10,000,000 yanaingia kwenye utaratibu wa madai madogo mahakamani, unakwenda mwenyewe bila wakili. Kwanza unampa barua ya kumdai, unasubiri siku 14, halafu unafungua.

#27 Mama_wa_Arua
Nani anampeleka mchumba wake mahakamani? Mkifika huko mapenzi yalishakufa zamani. Mimi nasema atoe kile anachoweza kusamehe. Kama 2,000,000 ikipotea ataendelea kulala usingizi, atoe 2,000,000, asiandike chochote.

#28 Karani_wa_Mikopo
Mama, nakubaliana na kiasi, nakataa kutoandika. Karatasi inasaidia hata pasipokuwa na ugomvi. Akifariki barabarani na boda, Mungu apishe mbali, ndugu zake watagawana mahindi na mwalimu atakuwa mgeni kwenye msiba. Wasimamizi wa mirathi wanalipa madeni yanayothibitika.

#29 Mama_wa_Arua
Hapo umenishika. Hilo la msiba nimeliona kwa jirani.

#30 Fundi_Hesabu_Jinja
Kitu ambacho hakijaguswa: ana madeni mengine? Mwalimu, muombe taarifa ya simu yake ya miezi sita, mkae nayo pamoja kwa heshima, wewe umuonyeshe yako pia. Usitafute kiasi, tafuta mtindo. Ukiona mikopo ya simu kama MoKash au Wewole inaingia na kukatwa, inaingia tena kesho yake, huyo anaziba shimo kwa shimo. Ukiona pesa ileile inakwenda namba ileile kila Jumatatu, muulize ni nini. Mara nyingi ni rejesho la mkopeshaji wa mtaani.

#31 Karani_wa_Mikopo
Na achukue ripoti yake kutoka kampuni ya taarifa za mikopo iliyo chini ya leseni ya Benki Kuu. Lakini msitegemee hiyo peke yake. Si SACCO zote wala wakopeshaji wote wa mtaani wanapeleka taarifa huko. Ripoti safi inamaanisha benki hazimdai. Haimaanishi hadaiwi.

#32 Kijana_wa_Malaba
Kuomba taarifa ya simu ya mwanaume mzima ni kumdharau. Mimi ningeondoka.

#33 Mwalimu_Tororo
Amenipa bila kugombana. Ina MoKash mara mbili, zote zimelipwa. Kuna 150,000 inayokwenda mama yake kila mwezi, hiyo naijua.

Nimechukua fomu leo. Mbele ya jina langu hakuna kiasi. Imeandikwa "kwa madeni yote ya mwanachama kwa chama, ya sasa na yatakayokuja". Na kuna yale maneno ya pamoja na kila mmoja. Nimemuuliza karani wa pale kama naweza kuandika 7,000,000, akasema fomu haibadilishwi.

#34 Wakili_wa_Mtaa
Huo ni udhamini unaoendelea. Mwakani akiomba mwingine wa 15,000,000, bado umo, hata kama hamko pamoja. Unaweza kuufuta kwa barua kuhusu mikopo ya baadaye, lakini ule uliokwisha tolewa unabaki nao mpaka uishe.

Karani wa dirishani hana mamlaka ya kubadilisha, kamati ya mikopo inayo. Andika barua kwa kamati: nakubali kudhamini mkopo namba fulani, kwa kiasi kisichozidi 7,000,000, riba na gharama zote zikiwa ndani ya hizo. Wakikataa, umeshajua wanachotaka kwako.

#35 Karani_wa_Mikopo
Kwa upande wa SACCO, wanakataa kwa sababu mfumo wao unashika akiba kwa namba lakini fomu ilichapwa zamani. Si lazima iwe nia mbaya. Ila nakubali, bila barua ya kamati usisaini.

#36 Nafaka_Bweyale
Mimi bado nasema shida kubwa ni mahindi. Hata kamati wakikubali na kuandika 7,000,000, faida ni 356,000 na kikomo cha hasara kiko shilingi 34 mbali. Udhamini mzuri hauponyi biashara nyembamba.

#37 Wakili_wa_Mtaa
Na mimi nasema hata biashara nene haiponyi fomu hiyo. Hatutakubaliana leo.

#38 Mwalimu_Tororo
Tumekaa jana usiku na hesabu ya #18 na #23. Alinyamaza muda mrefu, halafu akasema hakujua habari ya unyevu, aliyemshawishi alimwambia gunia ni gunia. SACCO tumeiacha. Anataka kuanza na magunia 20 kwa pesa yake na 1,000,000 yangu, kwa maandishi, ghala la kulipia kwa gunia. Nafaka, atajuaje yamekauka bila kile kipimo cha umeme?

#39 Nafaka_Bweyale
Achukue chupa ya kioo kavu na chumvi kavu kabisa, aikaange kidogo ipoe. Aweke mahindi hadi theluthi moja ya chupa, chumvi vijiko viwili, afunge, atikise dakika tatu, aache itulie robo saa. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, unyevu bado uko juu ya 15, arudishe juani. Ikianguka chini kavu, uko chini ya 15. Haimwambii kama ni 14 au 13, kwa hiyo aongeze siku mbili za jua juu ya turubai, asianike chini kwenye udongo. Kabla ya kuyafungia atafute mwenye kipimo sokoni, wengi wanapima kwa pesa kidogo.

Na achukue sampuli katikati ya gunia na chini, si juu tu. Wauzaji wanaweka makavu mdomoni.

#40 Kijana_wa_Malaba
Mwalimu, hiyo 1,000,000 mmeandika atalipa lini? Bei ikiwa chini mwezi wa nne je, anauza au anangoja?

#41 Mwalimu_Tororo
Hilo ndilo tumebishana hadi saa sita. Yeye anataka angoje, mimi nataka tarehe. Tumeacha nafasi wazi kwenye karatasi, tutaijaza Jumapili.